Ukiota Rafiki Yako wa Karibu Amekusaliti, Akili Ilikuwa Inajizoeza Nini?

Ndoto ya kusalitiwa na rafiki ina uchungu wa namna yake. Ukiota unakimbizwa na nyoka, unaamka umeloa jasho, unashusha pumzi, unajua ni ndoto, mambo yamekwisha. Lakini ukiota shoga yako wa miaka mingi anakucheka mbele za watu, au sahibu yako ametoa siri uliyomwambia yeye peke yake, unaamka na mtu huyo bado yupo. Namba yake imo kwenye simu yako, mtakutana kazini au sokoni, na pengine kabla hujamaliza chai atakuwa amekupigia kukusabahi. Unaitikia salamu yake huku kifuani umebeba kinyongo ambacho yeye hana habari nacho.

Wengi wakiamka na ndoto ya namna hii huuliza swali moja: je, ni kweli? Yaani rafiki yangu ananifanyia jambo, na nafsi yangu imeshalinusa kabla yangu? Ni swali la haki, ila naona linarukia mbali. Kabla ya kuuliza ndoto inasema nini juu ya rafiki, inafaa tujue ilitengenezwa kwa vitu gani, saa ngapi, na ubongo ulikuwa katika hali gani ulipoitengeneza. Ukishayajua hayo, swali lenyewe linabadilika.

Tuchukue mfano ambao nimeuunda kutokana na mambo yanayotokea kila siku. Dada mmoja anauza vitenge Tanga. Yumo katika mchezo wa wanawake 12. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa shilingi 20,000, na mwenye zamu anaondoka na 240,000. Kijumbe, yaani anayekusanya fedha na kutunza daftari, ni shoga yake tangu shule ya msingi. Zamu ya dada huyu imebakiza wiki tatu, na fedha hizo ameshazipangia mzigo mpya.

Usiku wa kuamkia Alhamisi anaota amefika nyumbani kwa shoga yake na kukuta shughuli. Wanawake wote wa mchezo wamekaa mkekani wanakula pilau kwenye masinia, na mwenye nyumba amejifunga kanga ya dada huyu mwenyewe, ile aliyoachiwa na marehemu mama yake. Anapouliza habari ya zamu yake, shoga anageuka na kumwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mbona umechelewa? Zamu yako imeshaliwa." Wote wanacheka. Anataka kujibu, sauti haitoki. Anaamka saa 11 alfajiri, moyo unamwenda mbio na machozi yako karibu.

Sasa tuangalie vitu vilivyoijenga ndoto hii. Jumatano jioni, saa chache kabla ya kulala, dada huyu aliona kwenye simu picha za wenzake wawili wakiwa kwenye mnuso ambao yeye hakualikwa. Jumamosi iliyotangulia, shoga yake alipokea fedha bila kufungua daftari palepale, kwa sababu mtoto alikuwa na homa na alikuwa anawahi hospitali. Akasema ataandika akirudi. Na mwezi uliopita mtaa mzima ulikuwa unazungumza habari za kijumbe mwingine aliyehama usiku na fedha za watu. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichomkosesha raha kwa namna ya wazi. Kila kimoja alikiona, akakipita.

Watafiti wa ndoto wameona mpangilio unaofanana na huu mara nyingi. Tukio la mchana huweza kuingia katika ndoto usiku uleule au unaofuata, kisha likapotea, na likarudi tena baada ya siku tano hadi saba. Tore Nielsen na wenzake nchini Kanada wameufuatilia mrudio huo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Ndiyo maana daftari ambalo halikufunguliwa Jumamosi linaweza kujitokeza Alhamisi alfajiri, wakati mwenyewe ameshasahau kwamba liliwahi kumpitia akilini. Na halirudi jinsi lilivyotokea. Ni mara chache sana ndoto kurudia tukio zima. Kawaida huchukua kipande hapa na kipande pale. Katika ndoto ya dada wa Tanga hakuna daftari wala homa ya mtoto. Kilichobaki ni zamu, watu waliokusanyika bila yeye, na rafiki aliyeishika mali yake.

Saa nayo ina maana yake. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza hatua ya usingizi ambayo macho ya mtu huchezacheza chini ya kope, na watu wakiamshwa wakati huo mara nyingi husema walikuwa wanaota. Hatua hii hurudi takriban kila dakika 90. Mwanzoni mwa usiku hudumu dakika chache tu, lakini kadiri kunavyokaribia kucha hurefuka, na ile ya mwisho inaweza kufika nusu saa au zaidi. Kwa hiyo ndoto ndefu zenye watu, maneno na visa kamili huja zaidi alfajiri, na mtu anayeamka alfajiri huamka akiwa katikati yake. Ule uchungu anaokuwa nao anapofungua macho ni wa sekunde chache nyuma, haujapata nafasi ya kupoa.

Miaka ya 1990 watafiti waliweza kupiga picha za ubongo wa mtu akiwa katika hatua hiyo. Pierre Maquet na wenzake nchini Ubelgiji walionyesha mwaka 1996 kwamba amigdala, sehemu ndogo ndani ya ubongo inayohusika sana na hofu na hisia kali, huwa imechangamka. Wakati huohuo maeneo ya mbele, yale yanayotusaidia kupima hoja, kukumbuka mpangilio wa mambo na kushtuka jambo lisipoingia akilini, huwa yametulia. Mchana, mtu akimwambia dada huyu kwamba shoga yake amemdhulumu, lingekuwepo la kujiuliza: huyu aliyenilelea mwanangu nilipolazwa, tangu lini? Usiku swali hilo halina wa kuliuliza. Hisia inatangulia, kisha kisa kinatafutwa cha kuibeba, na kinachokuja kinaaminika palepale.

Hapo ndipo mtu wa karibu anapoingia. Calvin Hall na Robert Van de Castle walichapisha mwaka 1966 uchambuzi wa ndoto 1,000 za wanafunzi wa chuo nchini Marekani, wakahesabu nani yumo na anafanya nini. Ugomvi ulikuwa mwingi kuliko urafiki, na aliyeota mara nyingi ndiye aliyekuwa anaonewa. Lakini wale wanaoshambulia kwa nguvu, wenye kukimbiza na kupiga, aghalabu huwa ni wanaume wasiojulikana. Rafiki hana kawaida ya kuja ndotoni na panga. Anapokuja kwa ubaya, huja kwa njia ambazo ni rafiki pekee anaziweza: anacheka, anakutenga, anavaa nguo yako, anasema siri yako. Adui hana siri yako ya kuitoa. Nadhani hili linaeleza sehemu kubwa ya maumivu ya ndoto hizi, kwa sababu linagusa kile ulichokikabidhi kwa hiari yako.

Ila kwa nini akili ijitese hivi? Antti Revonsuo, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Turku nchini Ufini, alitoa mwaka 2000 nadharia kwamba ndoto ni uwanja wa kujizoeza hatari. Kwa maelfu ya vizazi, alisema, binadamu aliyejizoeza usiku namna ya kutambua na kukwepa hatari alikuwa na nafuu kidogo mchana. Mwanzoni alikuwa anafikiria zaidi wanyama wakali na maadui. Baadaye yeye na wenzake, Jarno Tuominen na Katja Valli, walipanua wazo hilo: kwa kiumbe anayeishi kwa kutegemea wenzake, kutengwa ni hatari kama ilivyo hatari ya chui. Aliyefukuzwa kwenye kundi hakuwa na wa kuwinda naye wala wa kumuuguza. Kwa hiyo akili inajizoeza pia mambo ya watu: nani yuko upande wangu, nitajuaje akigeuka, nitafanya nini, nitaufikisha vipi uso wangu kesho mbele za wengine.

Tukiisoma ndoto ya Tanga kwa macho hayo, kinachojizoezwa hakihusu tabia ya shoga. Ni swali ambalo dada huyu hajawahi kuliuliza akiwa macho: fedha ninayoitegemea, heshima yangu kundini, na urafiki wangu wa miaka yote vimekaa katika mikono ya mtu mmoja; ikitokea mkono huo umefunguka, mimi nitakuwa nani? Ni kama mazoezi ya zimamoto katika jengo la ofisi. King'ora kinalia kweli, watu wanashuka ngazi kweli, mapigo ya moyo yanapanda kweli, na hakuna anayesema kwamba kwa sababu king'ora kimelia basi lazima kuna aliyewasha moto.

Nadharia hii ina wapinzani, na hoja zao si za kupuuzwa. Ikiwa ndoto ni mazoezi, mbona tunafanya vibaya hivyo? Dada wa Tanga hakujibu neno, sauti haikutoka. Watu wengi kwenye ndoto za kutisha hawakimbii vizuri, hawajitetei, wanaduwaa tu. Na wale waliopatwa na mabaya makubwa maishani, ambao kwa hesabu ya nadharia hiyo wangekuwa wamezoezwa kuliko wote, huamka wamechoka na wenye hofu zaidi. William Domhoff, aliyeendeleza kazi ya Hall kwa miongo kadhaa huko California, anaona hakuna haja ya kutafuta faida ndani ya ndoto. Kwake, ndoto ni yale mawazo yanayotangatanga mchana mtu akiwa hana la kufanya, yakiendelea usiku bila mwongozaji. Tunaota yanayotushughulisha kwa sababu ndiyo yanayotushughulisha, basi.

Mimi naona kambi hizi mbili zinakutana pale panapomhusu mtu wa kawaida. Iwe ni mazoezi au ni mawazo yasiyo na mwongozaji, malighafi inatoka kwa aliyeota: mashaka yake, anachokithamini, aliyoyapita bila kuyafikiria. Rafiki hakuchangia kitu usiku ule isipokuwa sura yake. Katika kambi zote mbili ndoto haina dirisha la kuchungulia moyo wa mtu aliyelala nyumba nyingine.

Madhara, kwa maoni yangu, hayako kwenye ndoto yenyewe. Yako kati ya saa 11 alfajiri na magharibi.

Tumfuate dada wetu siku hiyo ya Alhamisi. Saa mbili asubuhi shoga yake anamtumia ujumbe wa sauti, "Habari za kuamka shoga, nitapita baadaye." Jana sauti hiyo ingekuwa ya kawaida, leo anaisikiliza mara mbili, anaona kama ina ubaridi. Anajibu "Sawa", neno moja, bila salamu. Saa nne anaweka kwenye status yake maneno yanayojulikana pwani nzima, "Kikulacho ki nguoni mwako." Hakumtaja mtu, lakini wanawake 11 wa mchezo wote wanaona status zake. Wawili wanamwandikia kumuuliza kulikoni, anajibu, "Mengine tunayamezea tu." Saa nane shoga yake, ambaye ameshaiona status na ameshasikia kwamba kuna jambo, anaamua kutopita. Jioni dada anajiambia: unaona, alisema atapita, hakuja. Ndoto imepata shahidi, na shahidi huyo ametengenezwa mchana.

Mzunguko huu umefanyiwa utafiti. Dylan Selterman na wenzake nchini Marekani waliwaomba watu walio katika uhusiano wa kimapenzi waandike ndoto zao kila asubuhi kwa wiki mbili, pamoja na namna walivyoishi na wapenzi wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Waliomwota mwenzi katika kisa chenye wivu waligombana naye zaidi siku iliyofuata, na walioota usaliti walipoa kimapenzi katika siku zilizofuata. Wale walikuwa wapenzi na hapa tunazungumzia marafiki, kwa hiyo si haki kuhamisha kila kitu. Lakini njia inayopitiwa ni ileile: hisia inabaki baada ya kisa kusahaulika, mwenye nayo hajui ameibeba, na anaitafutia sababu katika uso wa mtu aliye mbele yake.

Geraldine Downey wa Chuo Kikuu cha Columbia alieleza mwaka 1996 kwa nini baadhi yetu hunaswa kirahisi zaidi. Wako watu ambao, kwa sababu ya waliyopitia, hutarajia kukataliwa. Wanaiona dalili mapema, hata katika jambo lisilo na maana ya upande wowote, kisha wanajibu kwa ukali au kwa kujifungia, na kujibu huko kunamsukuma mwenzao awe mbali kweli. Mtu wa namna hiyo ndoto moja inamtosha. Ukijijua una tabia hiyo, chukua tahadhari zaidi asubuhi zako kuliko usiku wako.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda kwa sababu unatupa kipimo cha kujipima. Mwaka 2009 Carey Morewedge na Michael Norton walitaka kujua watu huzipa ndoto zao uzito gani. Waliwauliza watu wa Marekani, India na Korea Kusini, na wengi katika nchi zote tatu walisema wanaamini ndoto hufunua mambo yaliyofichika. Lakini hawakuziamini zote sawasawa. Mtu akielezwa ndoto ambayo rafiki yake anamtetea, aliiona ina maana kubwa. Akielezwa ile ambayo rafiki huyo anambusu mpenzi wake, aliipunguzia maana. Ubaya wa mtu asiyempenda, aliuona una maana. Kwa ufupi, tunaiamini ndoto inayokubaliana na tulichokuwa tunakiamini tangu mwanzo.

Geuza matokeo hayo uone yanakuambia nini. Kawaida ya binadamu ni kuipuuza ndoto inayomchafua rafiki. Ukiamka na ndoto ya namna hiyo ikakung'ang'ania, hutaki kuitupa, unaihesabu kama ushahidi, basi huenda shaka ilikuwepo kabla hujalala. Sasa una swali linaloweza kujibiwa: shaka hiyo ilianza lini, na ilianzishwa na nini? Dada wa Tanga akijiuliza hivyo kwa utulivu, atafika Jumamosi, kwenye daftari ambalo halikufunguliwa.

Daftari, tofauti na ndoto, linaweza kuangaliwa. Hapa ndipo natofautiana na wanaosema ndoto zipuuzwe moja kwa moja. Kuona michango imeandikwa ni haki ya kila mwanachama, aote asiote. Anachotakiwa kufanya ni kukiondoa kisa cha usiku na kuacha jambo la mchana peke yake. Njia rahisi ni karatasi iliyogawanywa mara mbili. Upande mmoja aandike yale ambayo angeyajua hata kama asingeota: Jumamosi fedha zilipokelewa, hazikuandikwa mbele yetu, aliahidi kuandika, mtoto alikuwa mgonjwa. Upande wa pili yale yaliyokuja na ndoto au baada yake: amevaa kanga yangu, walinicheka, sauti yake ya asubuhi ina ubaridi. Sauti ya asubuhi iwekwe upande wa pili, maana ilisikilizwa na sikio lililoamka na ndoto. Upande wa kwanza ukibaki mtupu, hakuna la kumwuliza mtu. Ukiwa na kitu, aulize kitu hicho tu, kwa maneno yake ya kawaida: "Shoga, mtoto anaendeleaje? Na ile ya Jumamosi uliiandika? Tukikaa Jumamosi hii tuipitie." Hakuna kusutana, hakuna status.

Je, amwambie kwamba amemwota? Inategemea urafiki wao. Kwa shoga wa kweli, "nimekuota vibaya nikaamka nimekununia bila sababu" inaweza kuishia kwa kicheko na mazungumzo mazuri. Lakini "nimeota umenidhulumu" inasikika kama tuhuma, na tuhuma ya ndotoni haina namna ya kukanushwa. Mtu atajiteteaje kwa jambo alilolifanya katika usingizi wa mwingine?

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu ndoto haziishii kitandani. Zinapelekwa kwa watu. Mafundisho ya Kiislamu yanayofahamika pwani yana busara inayooana na tuliyoyaona. Katika hadithi zilizopokewa na Muslim, ndoto zimegawanywa mara tatu: bishara njema kutoka kwa Mwenyezi Mungu, ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na ile ya mtu kuzungumza na nafsi yake. Aliyeota anachokichukia ameelekezwa ajikinge kwa Mwenyezi Mungu, ateme mate kidogo kushotoni mara tatu, ageuke ubavu mwingine, na asiwasimulie watu. Katika sura ya Yusuf, Yaakub anamkataza mwanawe kuwasimulia ndugu zake alichoota, asije akachochea vitimbi. Utaona mkazo ulipo: ndoto ikisimuliwa ovyo inafanya kazi duniani ambayo isingeifanya ikiachwa.

Kinyume chake ni yule anayelipwa kuitafsiri. Mtu anaingia na ndoto na woga, anatoka na jina. Kauli ya "adui yako ni mtu wa karibu, unakula naye sahani moja" haiwezi kukosea, kwa kuwa kila mtu anakula na mtu, na aliyesikia atamaliza mwenyewe kazi ya kumtafuta. Urafiki wa miaka mingi umekatwa hivyo, na walioachwa hawajui hadi leo walikosa nini. Inaniuma kila ninaposikia kisa cha namna hiyo, kwa sababu aliyekatwa hakupewa hata nafasi ya kuulizwa.

Yote niliyosema yanahusu ndoto inayokuja mara moja moja. Iko nyingine, inayorudi usiku baada ya usiku, na mara nyingi nyuma yake kuna usaliti uliotokea kweli: rafiki aliyemchukua mume, mshirika aliyekimbia na mtaji. Hapo akili haibahatishi hatari, inarudia jeraha. Rosalind Cartwright, aliyechunguza huko Chicago ndoto za watu waliokuwa wanaachana na wenzi wao wakiwa na huzuni kubwa, aliona kwamba waliowaota wenzi hao kwa hisia nzito, kisa kikiunganishwa na kumbukumbu za zamani, walielekea kupona vizuri zaidi. Kwa hiyo hata ndoto chungu huenda ni sehemu ya kupona, mradi inabadilika. Ishara ya kuangalia ni hiyo: je, kisa kinasogea? Mwezi wa kwanza ulikuwa huna sauti, mwezi wa tatu umemjibu, mwezi wa tano amepita tu pembeni. Ikiwa ni kilekile, mwisho uleule, na sasa unaogopa kulala, imeshakuwa jinamizi la kutibiwa.

Tiba yake iliyo na ushahidi mzuri haina dawa. Barry Krakow na wenzake waliijaribu kwa wanawake waliowahi kubakwa, na matokeo yao ya mwaka 2001 yalionyesha majinamizi yakipungua. Mtu anaandika ndoto inayomsumbua, na ni vizuri kuanza na isiyo kali kuliko zote. Kisha anaibadilisha anavyotaka, popote anapotaka, bila kulazimika kuifanya iwe ya kweli au ya furaha: sauti inatoka, kanga inarudishwa, au anaondoka zake kabla hajafika mlangoni. Halafu, akiwa macho, anaipitia hiyo mpya akilini dakika 10 hadi 20 kila siku kwa wiki kadhaa. Ile ya zamani hairudiwi. Ambaye jeraha lake linatokana na ukatili, afanye haya pamoja na mshauri au mtaalamu wa afya ya akili, kwa sababu kuandika tu kunaweza kumfufulia mengi.

Na kabla ya kumtafuta mbaya wako, angalia unachomeza na unachokunywa. Pombe huzuia usingizi wa ndoto mwanzoni mwa usiku, kisha inapopungua mwilini ndoto hufurika kuelekea alfajiri, zikiwa kali. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu kama propranololi zinajulikana kuleta ndoto nzito, na kuacha ghafla baadhi ya dawa za sonona hufanya hivyohivyo. Kwa miaka mingi watu wengi wanaoishi na VVU katika nchi zetu walitumia efavirenzi, ambayo ndoto zake kali zinafahamika sana kliniki. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dolutegraviri itangulie badala yake. Ndoto zikianza wiki uliyobadilishiwa dawa, mwambie mhudumu wako tarehe ulipoanza dawa na tarehe ndoto zilipoanza, na usiache dozi hadi mtakapokubaliana la kufanya.